Gemu inakwama kwama tangu modi ya matatu iapdeti, nimejaribu karibu kila kitu

Wasee habari zenu, niko hapa Kondele Kisumu na kichwa inaniuma, nisaidieni kabla nirushe hii mashine kwa ziwa.

Stori ni hii. Nacheza Euro Truck Simulator 2 na kwa miezi kama nane nimekuwa na modi moja ya trafiki, ile inaleta matatu zetu na mabasi ya hapa nyumbani barabarani, sitaitaja jina juu jamaa aliyeitengeneza anaifanya bure na sitaki aanze kutukanwa. Modi ilikuwa poa sana. Unatoka Calais unaenda Duisburg na nisani ya mzigo imejaa gunia inakupita kwa kona, unacheka peke yako usiku. Sasa Alhamisi iliyopita Steam ikaapdeti modi yenyewe bila kuniuliza, mimi nikajua tu bando imeisha, na kutoka hiyo siku gemu haichezeki.

Kukwama kwenyewe si ile ya fremu kushuka polepole. Fremu ziko 60 zimetulia, alafu paap, picha inasimama kama robo sekunde hivi, inaendelea, sekunde tano sita tena paap. Nimeweka MSI Afterburner nione, fremu ya kawaida inachukua milisekunde 16 au 17, ikikwama inaruka mpaka 180 na kuna moja ilifika 240. Ukiwa na trela nyuma na uko kwa raundabauti hiyo robo sekunde inatosha kukupeleka kwa ukuta. Nimelipa faini za gemu wiki hii kuliko mwaka wote.

Mashine ni HP EliteDesk 800 G2 SFF, ile ya mtumba kutoka Uingereza ambayo kila mtu ako nayo, i5-6500, ramu 8GB DDR4, kadi GTX 1050 Ti ya 4GB ile fupi isiyotaka waya wa ziada wa stima, SSD 240GB ndio iko na Windows 10 na gemu, skrini 1920x1080 ya 60Hz. Najua si mashine ya kujigamba nayo lakini kabla ya hii apdeti ilikuwa inasukuma hiyo gemu vizuri kabisa grafiksi ikiwa High, kwa hivyo tafadhali mtu asiniambie tu ninunue kompyuta ingine, hiyo nimeshaambiwa na ndugu yangu mdogo.

Nilichojaribu, na nimejaribu kweli. Draiva ya kadi nimeweka mpya, haikusaidia, nikairudisha ya zamani, vile vile. Verify integrity of game files nimefanya mara mbili. Nikatoa modi zingine zote nikabaki na hii moja peke yake, inakwama. Nikatoa hii moja nikarudisha zingine zote, gemu laini kama siagi. Nimefungua profaili mpya kabisa bila kazi bila lori, inakwama. V-sync nimezima nikawasha, Scaling nimetoa 150% nikaweka 100%, vioo nimeweka Low, vivuli Low, hakuna tofauti, na hiyo ndiyo ilinishangaza juu ukishusha grafiksi hivyo hata jiko ya mkaa ingecheza. Nilidhani ni joto, mnajua Kisumu saa nane mchana vile kunakuwa, nikafungua mashine nikapuliza vumbi (kulikuwa na mende imekauka kwa feni, omera), kadi sasa haipiti digrii 68, na bado inakwama. Jirani mwenye saiba akaniazima ramu nikafika 16GB kwa jioni moja, ilipungua kidogo lakini haikuisha, na ramu ilibidi irudi.

Kitu kilinifungua macho ni hii. Niliwasha konsoli kwa config.cfg:

```
uset g_developer "1"
uset g_console "1"
```

alafu nikiwa barabarani nikaandika:

```
g_traffic 0
```

Magari yote yakapotea baada ya muda, na kukwama kukaisha kabisa, nimeendesha dakika arobaini bila shida. Nikaweka 0.3, inakwama mara moja moja. Nikarudisha 1, ikarudi ile ile. Na ukiangalia vizuri inakwama pale tu gari mpya inatokea mbele, haswa basi, yaani unaona kwa mbali barabara ni tupu, paap, basi iko hapo.

Nikaenda kwa Task Manager. Bila modi Dedicated GPU memory inakaa 2.6GB. Na modi ni 3.9 kwa 4.0, na Shared GPU memory inapanda mpaka 1.7GB, kumaanisha kadi imejaa na inakopa kwa ramu, na nadhani ndio maana zile ramu za jirani zilisaidia kidogo.

Basi nikaingia steamapps\workshop\content\227300 nikaitafuta. Ya zamani nakumbuka ilikuwa chini ya 400MB, hii mpya ni 1.4GB. Nikaifungua na 7-Zip, na hapo ndio nilishika kichwa. Rangi ya basi moja, faili moja tu ya .dds, ni baiti 67 108 992. Hiyo ni 4096x4096 haijabanwa kabisa na haina zile picha ndogo ndogo za mbali, mipmap. Ingebanwa kwa DXT5 ingekuwa karibu 16MB, na mipmap zake kama 21. Sasa faili kama hiyo ziko zaidi ya mia. Basi iko mita mia tatu huko mbele, unaiona kama kiberiti, lakini kadi inabebeshwa 64MB ya graffiti zake.

Lakini sina uhakika ni hiyo peke yake, juu game.log.txt nayo imejaa hii kitu, mamia ya mistari:

```
<ERROR> [fs] Failed to open file "/vehicle/ai/ke_14seater/glass_rear.tobj" in the read_only mode
```

Inaandika kila mara ile matatu ya abiria 14 inatokea. Kioo cha nyuma kweli hakionekani, ukiifuata unaona viti.

Nilijaribu kutengeneza basi moja na GIMP, nikatoa tena kama BC3 / DXT5 na nikaweka Generate mipmaps, nikaiweka kwa folda ya mod. Basi inaonekana sawa, rangi ni ile ile. Lakini gemu bado inakwama, na siwezi jua kama ni zile zingine mia bado au ni hiyo eri ya kioo. Kubadilisha zote moja moja kwa mkono ni kazi ya mpaka Krismasi.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu. Kuna mtu anajua njia ya kubadilisha .dds zote mara moja bila kuharibu sehemu za kioo na mwangaza? Hizo eri za tobj zinaweza kukwamisha gemu zenyewe ama ni kelele tu kwa logi? Na kama kuna mtu hajawasha Steam yake tangu wiki iliyopita na bado ako na ile ya zamani, tafadhali usiwashe intaneti, ikopi kwanza ukaiweke mahali. Kama uko Kisumu nitakuja na flash mwenyewe, ata kama ni Mamboleo, soda ni juu yangu.

Jamaa wa modi nimemwandikia Jumamosi, bado hajajibu. Nitaweka game.log.txt yote hapa chini stima ikirudi, saa hii naandika na simu.