Dokezo: Bajeti ya anwani yetu ya IP na zana za ufuatiliaji

KWA: Meneja wa Uendeshaji
KUTOKA: Msimamizi wa Mifumo

Ankara na barua pepe za kubadili nywila zinaendelea kugonga mwamba. Nyingi hurudi na msimbo `550 5.7.1`, yaani seva ya mpokeaji imezikataa kwa sera zake. Wiki iliyopita mteja alikatiwa huduma kwa ankara ambayo hakuipata.

SPF, DKIM na DMARC zetu, yaani mipangilio inayothibitisha kuwa barua ni zetu kweli, zinapita; nimezikagua upya. Kasoro ni anwani ya IP tunayochangia na wateja wengine wa mtoa huduma wetu. Mmoja akituma barua taka, anwani inaingia orodha nyeusi na sote tunazuiwa. Tukiomba iondolewe, inarudi tena baada ya muda.

Naomba anwani ya IP ya peke yetu, kwa ajili ya ankara na nywila tu. Matangazo yabaki yalipo. Haitaaminika siku ya kwanza: tutaongeza kiasi cha barua polepole kwa wiki kadhaa. Barua zetu ni nyingi na hutoka kila siku, kwa hiyo itajijengea sifa. Kwa watumaji wachache nisingeshauri hivi.

Ufuatiliaji nauona muhimu zaidi, maana leo tunaarifiwa na wateja wenye hasira. Google Postmaster Tools, zana inayoonyesha jinsi Gmail inavyozipokea barua zetu, ni bure. Fedha ninazoomba ni za kufuatilia orodha nyeusi na kuchambua ripoti za DMARC.

Nukuu ya bei imeambatanishwa. Fedha zikibana, tuanze na ufuatiliaji. Naomba jibu kabla ya ankara za mwisho wa mwezi.