Mpango wa wiki 10: kutoka kutembea hadi kukimbia dakika 30 mfululizo

Dada yangu,

Nimeuandaa mpango huu kwa kuzingatia umri wako wa miaka 41, uzito wako wa kilo 84, kazi yako ya kukaa ofisini kutwa, na majibu ya daktari aliyekupima shinikizo la damu na sukari akaridhika kwamba unaweza kuanza mazoezi. Utakimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa 12 asubuhi, kabla joto la Dar es Salaam halijapanda. Siku za katikati ni za kupumzika, na nakuomba usizijaze hata ukijisikia una nguvu, kwa sababu moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka kuliko kano na mifupa, na wengi huumia wiki ya tatu au ya nne kwa kuongozwa na pumzi peke yake.

Kila kipindi kianze kwa kutembea kwa haraka dakika 5 na kimalizikie kwa kutembea taratibu dakika 5. Unapokimbia, kimbia polepole kiasi cha kuweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo, hata kama wanaotembea watakupita. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwani lengo letu ni muda, wala si kasi.

Wiki ya 1, kimbia dakika 1 kisha tembea dakika 2, mara 8. Wiki ya 2, kimbia dakika moja na nusu, tembea dakika 2, mara 7. Wiki ya 3, kimbia dakika 2, tembea dakika 2, mara 6. Wiki ya 4, kimbia dakika 3, tembea dakika 2, mara 5.

Wiki ya 5 utakimbia dakika 5 na kutembea 2, mara 4, na hapa ndipo wengi huanza kuhisi uzito wa mpango. Ikiwa vipindi viwili vya wiki hiyo vitakushinda, rudia wiki nzima kabla ya kusonga mbele, kwani mpango ukichukua wiki 12 au 13 hakuna kilichoharibika. Wiki ya 6, kimbia dakika 7, tembea 2, mara 3. Wiki ya 7, kimbia dakika 10, tembea 2, kimbia tena 10. Wiki ya 8, kimbia dakika 15, tembea 2, kimbia 10. Wiki ya 9 hutatembea tena katikati: Jumatatu na Jumatano utakimbia dakika 20, na Jumamosi 25. Wiki ya 10 ni dakika 25, kisha 28, na Jumamosi dakika 30.

Kwa wiki nne za kwanza tumia njia tambarare, na uuepuke mchanga laini wa Coco Beach, kwa maana huvuta kano la kisigino. Daraja la Tanzanite lina mwinuko mdogo, hivyo liache hadi wiki ya 6. Raba za mtumba zinafaa ikiwa soli yake haijalika upande mmoja na bado inabonyea na kurudi.

Kuhusu mafuta ya mwili, nataka uelewe hesabu yake mapema. Kipindi cha wiki ya kwanza kitaunguza takriban kilokalori 200, na soda moja ya nusu lita huzirudisha zote, ilhali kilo moja ya mafuta hubeba takriban kilokalori 7,700. Kwa hiyo mbio peke yake hazitoshi. Acha soda na sukari ya chai, punguza wali au ugali kwa robo ya kiasi unachokula sasa, na ongeza maharage, samaki na mboga za majani ili njaa isikusumbue. Usishinde bila kula. Tukipunguza nusu kilo kwa wiki, tunakwenda vizuri.

Jipime uzito Jumapili asubuhi kabla ya kula, na upime kiuno kwa futi ya fundi usawa wa kitovu. Wiki mbili za kwanza mizani inaweza isishuke, kwa kuwa misuli iliyochoka huhifadhi maji, na ndiyo maana naamini zaidi kipimo cha kiuno.

Uchovu wa misuli siku ya pili ni wa kawaida. Maumivu ya mbele ya muundi yanayozidi unapokimbia yanakutaka upumzike siku tatu hadi nne, ukitembea tu. Ukihisi kubanwa kifua, kizunguzungu au mapigo ya moyo kwenda ovyo, simama papo hapo na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa mazoezi kwa zaidi ya wiki moja kwa ugonjwa au safari, rudi nyuma wiki mbili kwenye mpango, kisha unipigie simu tupange upya tarehe zilizobaki.