Swali la 4: mstari wa pili

Mwanangu, picha nimeipata. Kivuli cha simu kimeangukia pembeni, lakini mwandiko wako unasomeka vizuri. Swali ni hili:

3(x − 2) − 2(x − 5) = 9

Mstari wa pili umeandika:

3x − 6 − 2x − 10 = 9

Mabano ya kwanza uko sawa kabisa. Tatizo ni ile −10, nimeizungushia wino mwekundu. Umezidisha 2 kwa 5 ukapata 10, halafu ukaiachia alama ya kutoa iliyokuwa mbele ya 5. Lakini kinachozidisha mabano ni −2, si 2. Kwa hiyo −2 × −5 = +10.

Fikiria uko soko la Mgandini na shilingi 1,000. Unanunua mafenesi mawili madogo, kila moja 200, muuzaji anakupunguzia 50 kwa kila moja. Unabaki na 1,000 − 2(200 − 50), yaani 700. Kwa njia yako ingekuwa 1,000 − 400 − 100, sawa na 500. Umepunguziwa bei halafu pesa zimepungua zaidi? Haiwezekani.

Kuanzia mstari wa tatu hesabu yako haina kosa; x = 25 imetokana na ile −10 tu. Ukiirudisha 25 kwenye swali, 3 × 23 − 2 × 20 inatoa 29, wala si 9.

Usifute kitu. Andika upya kuanzia mstari wa pili, chini yake, uhakiki jibu, kisha nitumie picha kabla ya Isha.