Mpango wa siku 90 za kwanza: nafasi ya Mkuu wa Ghala la Dawa na Vifaa Tiba

Waheshimiwa wajumbe wa jopo la usaili,

Mpango huu ni jibu langu kwa swali la nitaanza na nini endapo nitakabidhiwa ghala. Nimeuandaa kwa kutegemea tangazo la nafasi hii, linaloeleza kuwa ghala lina aina 640 za bidhaa, watumishi 11 na vituo 38 vya kuhudumia, na kwamba vituo hivyo hulalamika kukosa dawa ambazo leja inaonyesha zipo. Malalamiko hayo ndiyo yaliyonielekeza: nitaanza kwa kuhesabu, wala sitabadili utaratibu wowote kabla ya kujua kilichomo kwenye rafu.

Siku ya 1 hadi ya 30

Wiki ya kwanza nitaitumia kuzungumza na kila mtumishi peke yake, kufuata shehena moja tangu inaposhushwa hadi inapoingizwa kwenye leja, na kutembelea vituo vitatu, kimojawapo kikiwa kile kinacholalamika zaidi. Katika kazi yangu ya awali nilipanga upya rafu zote ndani ya wiki mbili, na kwa karibu mwezi mzima wapakiaji walikuwa wakitafuta bidhaa ambazo awali walizifikia hata bila kutazama. Kosa hilo silikusudii tena.

Jambo moja tu halitasubiri, nalo ni friji. Insulini na chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na baadhi yake, kama chanjo ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda hata kama chupa itaonekana salama baadaye. Kuanzia siku ya kwanza kipimajoto kitasomwa asubuhi na jioni, na anayesoma ataweka saini yake.

Kuanzia wiki ya pili tutahesabu bidhaa 200, tukianza na zile chache zinazobeba sehemu kubwa ya thamani ya ghala pamoja na dawa za kuokoa maisha hata kama bei yake ni ndogo. Atakayehesabu hataonyeshwa idadi iliyo kwenye leja, kwa sababu anayeijua huelekea kuipata. Bidhaa 184 zikilingana na leja, usahihi wetu ni asilimia 92, na zile 16 zilizobaki zitafuatiliwa moja moja kwa hati za kupokelea na za kutolea mali.

Siku ya 31 hadi ya 60

Hapa ndipo ninapotarajia kazi ngumu zaidi, yaani kukokotoa upya kiwango cha kuagiza. Maghala mengi hugawanya jumla ya mali iliyotoka kwa idadi ya miezi na kusahau siku ambazo rafu ilikuwa tupu. Dawa iliyotoka boksi 400 katika mwezi wa siku 30, ilhali kwa siku 10 haikuwepo kabisa, kwa hakika ilihitajika kwa kiasi cha boksi 600, na anayeagiza kwa kufuata 400 anajiandalia upungufu wa mwezi ujao. Ikiwa mzigo huchukua miezi 2 kufika na tunataka akiba ya tahadhari ya mwezi 1, oda itatolewa mara salio linaposhuka hadi boksi 1,800, pamoja na mzigo ulioagizwa na haujafika, badala ya 1,200.

Sambamba na hilo, dawa inayotangulia kuisha muda ndiyo itakayotangulia kutoka, hata kama ilipokelewa mwisho. Zilizokwisha muda zitatengwa chini ya kufuli na kuorodheshwa, zikisubiri kibali cha kuteketezwa. Anayepokea mali hataiingiza yeye mwenyewe kwenye leja. Najua sharti hili halitapendwa, na nitawaeleza watumishi kwamba linamlinda mwaminifu kabla ya kumbana mwizi.

Siku ya 61 hadi ya 90

Hesabu ndogo ndogo za kila wiki zitaanza, na bidhaa zilezile 200 zitahesabiwa upya. Lengo langu ni usahihi wa asilimia 97. Sijaahidi 100, kwani ghala linalofika hapo ndani ya miezi mitatu lina uwezekano mkubwa wa kuwa limerekebisha karatasi. Kupanga upya rafu kutafanyika sasa, sehemu moja kwa wakati, kwa ramani itakayochorwa na wapakiaji wenyewe.

Ninachohitaji kutoka kwa uongozi ni ruhusa ya kusitisha utoaji wa mali usio wa dharura kwa siku mbili za kuhesabu, nakala za hati za miezi 12 iliyopita, na saa moja na mhasibu kila mwisho wa mwezi. Siku ya 90 nitawasilisha hesabu zote mbili pamoja, ya mwanzo na ya mwisho, zikiwa na maelezo ya kila tofauti ambayo sitakuwa nimepata chanzo chake.