Sola ya nyumba kwa malipo ya mwezi: jumla TSh 1,160,000 kwa nyumba ya bati, hakuna ya pembeni

Hesabu kwanza, Wapemba wenzetu.

Kianzio: TSh 200,000 siku tunayofunga.
Kila mwezi: TSh 80,000 kwa miezi 12.
Jumla utakayolipa mpaka mwisho: TSh 1,160,000.

Bei ya taslimu ni TSh 980,000. Kwa hiyo kulipa kidogo kidogo kunakugharimu 180,000 zaidi, na tunakuambia leo ili usije ukaigundua mwezi wa saba. Kila mwezi unaoulipa kabla ya wakati wake tunakupunguzia 15,000. Ukivuna karafuu ukalipa miezi sita kwa mpigo, miezi mitano ya mbele inakupa punguzo la 75,000. Ukichelewa hakuna faini, na deni haliongezeki hata shilingi. Zikipita siku 45 kimya tunaizima kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa mtambo, na siku ukilipa tunaiwasha bure.

Ndani ya bei hiyo kuna paneli ya wati 120, betri ya lithiamu ya volti 12 ampea 50, kontrola ya ampea 20, balbu 5 za wati 5, swichi zake, feni ya meza ya wati 15, tivii ya inchi 24 ya volti 12, tundu za kuchajia simu, waya na ufundi. Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza nauli ya chombo ni juu yetu. Kinachozidi ni kimoja tu: nyumba ya makuti. Paneli haikai juu ya makuti, inataka mlingoti wake, nao ni 45,000, unalipwa pamoja na kianzio. Jumla yako itakuwa TSh 1,205,000.

Mtambo huu unaweza nini? Balbu zote 5 kwa saa 5, tivii saa 4, feni saa 8 na simu tatu ni kama wati-saa 365 kwa usiku mmoja. Betri inabeba 640, na sisi tunapanga utumie 500 tu ili idumu. Siku ya jua inajaa vizuri. Masika ni habari nyengine: wingu likitanda kutwa, paneli huenda isitoe hata nusu. Siku hizo zima feni kwanza, halafu tivii. Taa utabaki nazo.

Pasi, birika na friji, hapana. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 12 inataka ampea zaidi ya 80, na kontrola yetu mwisho wake ni 20. Anayekuambia itabeba anataka kukuuzia tu.

Sasa itazame picha. Bati hilo lipo Konde. Chini ya kila skrubu kuna kipira cheusi. Bila hicho maji yanapita na dari inaoza. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu upepo wa bahari hula zile za kawaida. Paneli imeinuka kidogo ikielekea kaskazini, ili mvua iioshe vumbi na yasituame maji. Kati yake na bati kuna nafasi ya upana wa kiganja, hewa ipite: paneli ikipata moto sana umeme hupungua. Waya unaoshuka ni wa milimita 4. Ukiweka wa 1.5 kwa mita 10, karibu volti moja na nusu inapotelea njiani, halafu lawama anapata betri.

Kabla ya kufunga tunakuja kutazama kivuli, bure. Kuti moja la mnazi likitia kivuli kipande kidogo cha paneli, umeme wa paneli nzima unaweza kuanguka. Mnazi ukiwa juu kabisa ya paa tunahamisha paneli. Nazi haina msamaha.

Dhamana: paneli miaka 10, betri 3, kontrola 2, tivii, feni na balbu mwaka 1. Inaanguka ukifungua betri, ukiruka fyuzi kwa kipande cha waya, au ukiunganisha jirani. Hilo la jirani ndilo tunalokutana nalo zaidi: balbu mbili za ziada, kisha tivii yake, na betri inalala tupu kila siku.

Njoo na kitambulisho cha Mzanzibari na mdhamini mmoja wa shehia yako. Mkataba ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na jumla imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Usome nyumbani, usaini kesho.

Tupo Wete, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, Ijumaa tunafunga saa 5. Jumapili hatufungui. Ukiwa mbali tutumie ujumbe hapa ukitaja shehia yako, paa ni bati au makuti, na vyumba vingapi.

#SolaPemba #Wete #Kojani #UmemeWaJua