Taarifa ya kuumwa na makabidhiano ya kazi za chanjo

Assalaamu alaykum Daktari Mkuu,

Kumradhi kwa ujumbe wa alfajiri. Tangu jana usiku naharisha na kutapika, na homa ipo. Nimepimwa malaria, hakuna. Daktari amenipa mapumziko ya siku 3, leo Jumanne mpaka Alhamisi, na amesema nisishike watoto mpaka zipite saa 48 tangu tumbo litulie. Kwa hiyo inshaallah nitarudi Jumamosi, si Ijumaa. Picha ya cheti nimeiambatanisha. Chenyewe nitakileta nikirudi.

Mawili hayawezi kunisubiri.

La kwanza ni jokofu la chanjo. Joto lisomwe saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, liandikwe hapo hapo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo. Likishuka chini ya sifuri ndiyo hatari zaidi, kwa sababu chanjo ya pentavalenti iliyoganda hairudi uzima hata ikiyeyuka, na kwa macho huenda isitambulikane. Ikitokea, chupa zitengwe, zisitumiwe wala zisitupwe, nipigiwe simu. Ufunguo ameuchukua mdogo wangu, atamkabidhi mwenzangu wa kliniki ya watoto kabla ya saa 1 na nusu.

La pili ni safari ya kesho Maziwang'ombe. Tafadhali isiahirishwe, kina mama wameshaambiwa na sheha. Mwenzangu huyo anaiweza, nimeshazungumza naye na amekubali. Anahitaji mtu mmoja tu wa kuandika. Pakiti 4 za barafu azitoe mapema, aziache mezani mpaka akizitikisa asikie maji yakicheza ndani, ndipo azipange kwenye kikasha. Zikitiwa zikiwa ngumu vile vile, zinaigandisha pentavalenti iliyo pembeni yake. Kila chupa aitazame alama ya joto: mraba wa ndani ukishafanana rangi na duara lake, chupa hiyo haitumiki.

Surua na rubela ichanganywe huko huko, kwa maji yake yenyewe, na saa iandikwe juu ya chupa. Baada ya saa 6, au kazi ikimalizika kabla ya hapo, kilichobaki hakirudi jokofuni. Hata akija mtoto mmoja peke yake, chupa ifunguliwe. Mama aliyerudishwa kwa sababu ya kuogopa kupoteza dozi pengine haji tena.

Majina ya watoto waliokosa dozi ya mwezi uliopita yako kwenye daftari la kijani, droo ya juu, nimeyapigia mstari. Ripoti ya mwezi nimeshaituma wilayani, na oda ya mabomba ya sindano inaweza kungoja.

Simu nitaiacha wazi. Nikishindwa kupokea, nitumiwe ujumbe.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa chanjo
Micheweni, Pemba