Hotuba ya kumuaga Mzee Tiketi anapoondoka kazini

Mama, watoto na wajukuu wa Mzee, wakurugenzi, wenzangu wa kazi, na nyinyi wateja mliofika mapema kabla ya shoo ya saa nane: hamjambo? Karibuni sana.

Nimeombwa niseme kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kazi karibu naye zaidi. Mimi nilikuwa dirishani, yeye mlangoni. Niliuza tiketi, yeye akazichana. Mzee alianza kazi katika ukumbi huu wa sinema 1984, wakati Nakuru ni mji tu, na ameendelea kusimama pale pale hata tulipotangazwa jiji mnamo Desemba 2021.

Vijana wanaweza kudhani kuchana tiketi ni kazi ya mikono tu. Hebu niwaeleze. Kila tiketi ilikuwa na namba pande zote mbili. Mteja aliingia na kipande kimoja, na kile kingine Mzee alikitunga kwenye waya. Usiku, watu wakishaenda, tuliketi pale kwenye ngazi na kuhesabu: namba ya kwanza kwenye bunda, namba ya mwisho, vipande vya kwenye waya, pesa kwenye droo. Mgawo wa mwenye filamu ulitoka hapo. Kodi ya burudani ilitoka hapo. Sasa, mtu wa mlangoni akipokea tiketi nzima asiichane, kisha airudishe dirishani kimyakimya iuzwe mara ya pili, hesabu itakubali na hakuna atakayejua. Wizi huo ulihitaji watu wawili tu, mimi na yeye. Kuna miezi mishahara ilichelewa na karo za shule hazikungoja. Mzee hakuniletea tiketi nzima hata moja. Hakuwahi hata kulitaja jambo hilo, na kwa kutolitaja kwake alinilinda mimi pia. Mzee, leo nakushukuru mbele ya watoto wako.

Alichana tiketi ya kila mtu. Mkubwa wa ofisi akija na familia, anasubiri kwenye foleni nyuma ya makanga. Picha ikiwa ya watu wazima, kijana aliyevaa koti la babake kubwa kuliko yeye alishikwa bega kwa upole, akaletwa kwangu arudishiwe pesa zake, na Mzee akamwambia ni Jumamosi gani kutakuwa na picha inayomfaa. Wengi wao walirudi Jumamosi hiyo.

Na wimbo wa taifa je? Mnakumbuka, ulipigwa kabla ya picha na ukumbi mzima ukasimama. Mzee alifunga mlango, akanyooka, mikono ubavuni. Aliyechelewa alingoja nje mpaka wimbo uishe, hata kama kunanyesha.

Lakini ninayotaka sana mjue ni habari ya stima kupotea. Ukumbi umejaa, giza totoro, watu wameanza kupiga miluzi, mtoto analia mahali. Hapo ndipo watu hukanyagana. Mzee alifungua kwanza milango ya pembeni na kuifunga kulabu isijirudishe. Kisha alishuka katikati ya viti akiwa ameelekeza tochi sakafuni, vidole vikiwa vimeziba nusu ya kioo ili mwanga usimpige mtu machoni. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaeni kwanza. Anayetaka kutoka, ngazi ni tatu, nitamwonyesha." Watu walikaa. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyeumia katika ukumbi huu gizani.

Shoo ya usiku ikiisha, alijua matatu ya mwisho ya Kaptembwo na ya Lanet zinaondoka saa ngapi. Wasichana waliokuja bila mtu wa kuwasindikiza aliwapeleka hadi stejini, ndipo akarudi kufunga.

Machi 2020 majumba ya sinema yalipofungwa kwa sababu ya korona, hakuna aliyemwagiza, lakini alikuja kufungua madirisha, kupangusa viti na kutega panya. Tulipofungua tena, viti vilikuwa tayari. Mikanda ya filamu ilishaondoka zamani, na wateja wengi sasa wananunua tiketi kwenye simu. Alijifunza kuzikagua kwa simu vilevile, bila kununa, akifundishwa na kijana ambaye babake aliwahi kurudishwa nyumbani na Mzee kwa sababu ya umri.

Mama, umemngoja usiku mwingi sana. Tunakurudishia mzee wako, na tunasema asante.

Wafanyakazi wamechanga, bahasha iko hapa na kijana wetu wa mlangoni ataikabidhi. Wakurugenzi nao wamekubali kwamba kiti cha kwanza karibu na njia, safu ya nyuma, ni cha Mzee siku yoyote atakayotaka kuja, yeye na Mama, bure.

Mzee, njoo hapa mbele. Tunataka kukusikia wewe sasa.